Mbali kwa Safari, Si Mbali kwa Ndoa: Kuisoma Fomu ya Ukaazi ya Kihispania



Ndugu wasomaji, juma hili tumeletewa suala na dada yetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, ambaye ndoa ilimpeleka bara. Anaishi Kiambere, katika kaunti ya Embu, karibu na lile bwawa la umeme la mto Tana ambalo maji yake, yakishazungusha mitambo, huteremka hadi kwetu pwani na kuingia baharini upande wa Kipini. Mumewe yuko Uhispania kwa kazi na ana kibali halali cha kukaa huko. Sasa anataka kumwita mkewe waishi pamoja. Alimpelekea kwa simu picha ya fomu ya serikali, yote imeandikwa kwa Kihispania, akamwomba ajaze sehemu inayomhusu kwa kalamu, kisha amrudishie.

Dada huyu ni msomi, na kamusi anayo. Majina, tarehe na namba ya pasipoti hazikumpa tabu. Alikwama penye maneno mawili tu: *estado civil* na *domicilio*. Penye neno la kwanza alikuta visanduku vitano vyenye herufi, na kwa kuwa yeye yuko Kiambere na mumewe yuko Murcia, alikaribia kutia alama penye kisanduku cha wanandoa waliotengana. Alhamdulillah, aliuliza kabla ya kuandika. Lau alama hiyo ingetiwa, ombi lote lingeanguka kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kuwa familia kadhaa za pwani zina jamaa Uhispania, tumeona jawabu lake tulieneze kwa wote.

Fomu yenyewe

Fomu za Uhispania zinazohusu wageni hutambulikana kwa alama ya EX na namba. Ile ya kumwita mwenza au mtoto huitwa EX-02, na juu yake mna maneno *reagrupación familiar*, maana yake kuikusanya tena familia mahali pamoja. Anayeita, yaani yule aliyeko Uhispania, huitwa *reagrupante*. Anayeitwa, ambaye katika habari yetu ni dada wa Kiambere, huitwa *reagrupado*, au *reagrupada* akiwa mwanamke. Kila mmoja ana sehemu yake ndani ya fomu hiyo hiyo, na maneno *estado civil* na *domicilio* hurudiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, mtu atazame kichwa cha sehemu aliyomo, ajue ni habari za nani zinazoulizwa.

Fomu hii hupelekwa ofisini na mume aliyeko kule. Mke hukutana na maswali yale yale kwa mara ya pili, ombi likishakubaliwa, atakapoomba viza katika ubalozi wa Uhispania, Nairobi. Hapa pana jambo la kushikwa sana: majibu ya fomu mbili hizi huwekwa bega kwa bega. Mume akiandika hili na mke akaandika lile, hata kama wote wawili wana nia safi, karani ataona watu wawili wasioafikiana juu ya ndoa yao wenyewe.

Estado civil: si uraia, ni ndoa

Anayefasiri neno kwa neno hupotea mapema. *Estado* laweza kuwa dola, na *civil* hufanana na mambo ya raia. Basi wako wanaodhani wanaulizwa uraia wao, wakaandika "Mkenya". Uraia una nafasi yake, nayo huitwa *nacionalidad*. *Estado civil* ni hali ya mtu kuhusu ndoa, na katika fomu za EX jawabu huwa ni kuchagua herufi moja katika hizi: S, C, V, D na Sp.

S ni *soltero* kwa mwanamume na *soltera* kwa mwanamke, yaani mtu ambaye hajapata kufunga ndoa. C ni *casado* au *casada*, aliyeoa au aliyeolewa. Neno hili lina uhusiano na *casa*, nyumba, na sisi tusemao kwamba fulani "amepata nyumba yake" hatutaona shida kulikumbuka. V ni *viudo* au *viuda*, mjane. D ni *divorciado* au *divorciada*, aliyepewa au aliyetoa talaka. Sp ni *separado* au *separada*, na hapa ndipo dada yetu alipotaka kuteleza.

Kamusi ilimwambia kwamba *separada* ni "aliyetengana", naye akasema moyoni: mimi na mume wangu tumetengana kwa bahari na nchi kadhaa, basi ni hapa. Lakini fomu haipimi umbali wa safari. *Separada* ni mke ambaye maisha ya ndoa yamekatika baina yake na mumewe, ama kwa hukumu ya mahakama, ama kwa wao wenyewe kuachana kimaisha pasipo hukumu, ingawa ndoa haijavunjwa rasmi. Mume aliyesafiri kutafuta riziki, anayetuma matumizi na kuzungumza na mkewe kila jioni, hajatengana naye kwa maana hiyo. Wako mbali, na ndoa yao ni nzima. Herufi yao ni C.

Ubaya wa kosa hili umo katika sheria yenyewe ya wageni ya Uhispania, Sheria ya Msingi namba 4 ya mwaka 2000. Kifungu chake cha 17 kinampa mkaazi haki ya kumwita mwenza wake kwa sharti kwamba hawajatengana, kwa hukumu wala kwa vitendo. Mke akitia alama penye Sp, amekiri kwa maandishi kwamba sharti hilo halipo. Karani hahitaji kumchunguza zaidi. Atakataa kwa ushahidi wa fomu.

Tuonye pia juu ya mtego mdogo ulio karibu. Mwenye kuzoea fomu za Kiingereza hutafuta herufi M kwa maana ya aliyeolewa, asiione hapo, kisha akaikuta kwenye mstari wa *sexo*, yaani jinsia. Katika mstari huo M ni *mujer*, mwanamke, na H ni *hombre*, mwanamume. Dada zetu watie alama penye M. Kaka zetu waliozoea kwamba M ni mwanamume wajihadhari, maana wakiifuata mazoea watajiandika wanawake.

Hali ya moyoni na hali ya karatasini

Swali la *estado civil* huuliza hali ambayo mtu anaweza kuithibitisha kwa hati siku anapotia saini. Kwetu Waislamu jambo hili lahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa mara nyingine sheria yetu inatambua jambo mapema kuliko hati.

Tuanze na nikaha. Walii akioza, mashahidi wakiwepo, mahari yakitajwa na ijabu na kabuli zikitamkwa, ndoa imefungwa, na hakuna kwetu anayeitilia shaka. Lakini ofisi ya Murcia haikuhudhuria, inataka cheti. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu, na inamtaka kadhi, shehe au imamu aliyeidhinishwa kuozesha aiandike ndoa, atoe cheti na apeleke kumbukumbu kwa Msajili wa Ndoa. Mke ambaye nikaha yake ilifungwa nyumbani na haikuandikwa popote ana haki ya kujiita *casada*, ila hana cha kuonyesha. Dawa yake si kuandika *soltera* ili fomu ipite. Dawa ni kwenda kwa kadhi au kwa msajili, ndoa iandikishwe kwanza, kisha fomu ifuate. Akijiandika *soltera* leo, halafu kesho akaleta cheti chenye tarehe ya miaka sita iliyopita, fomu yake na cheti chake vitakuwa vinakanushana.

Tuje kwenye talaka. Aliyeachwa hawi tena *soltera*, hata kama ameishi peke yake miaka kumi na watu wote mtaani wanamwita mseja. Ni *divorciada* mpaka aolewe tena, na akiolewa tena ni *casada* tu. Hachagui herufi mbili, na ndoa ya kwanza haiandikwi hapo. Talaka nayo huthibitishwa kwa hati. Katika Kenya kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na kumbukumbu yake hupelekwa kwa msajili kama ile ya ndoa. Talaka iliyotamkwa mbele ya wazee, isipopelekwa popote, humwacha mwanamke akiwa ameachwa kijijini na ameolewa serikalini.

Na mke aliye ndani ya eda ya talaka rejea? Kwetu bado yu katika hukumu ya mke, mumewe anaweza kumrejea pasipo akdi mpya, na hata hati bado husema hivyo. Mtu wa namna hii asikimbilie kujaza fomu yoyote mpaka eda iishe au arejewe, kwa sababu hali yake inaweza kubadilika kati ya saini na jawabu. Mjane ni tofauti. Tangu siku ya kufiwa yeye ni *viuda*, na hati yake ni cheti cha kifo. Eda yake ya miezi minne na siku kumi ni ibada na heshima anayoitimiza. Haibadilishi herufi ya fomu.

Wake zaidi ya mmoja

Hatuwezi kulipita jambo hili kwa ukimya, kwani ndilo linaloumiza nyumba nyingi. Sheria ya Kenya inaiona ndoa ya Kiislamu kuwa ndoa inayoweza kuwa na mke zaidi ya mmoja. Sheria ya Uhispania, katika kifungu kile kile cha 17, inasema kwamba mkaazi hawezi kwa hali yoyote kumwita mwenza zaidi ya mmoja, hata kama sheria ya kwao inaruhusu. Herufi C haina nafasi ya kuandika "mke wa pili". Mume mwenye wake wawili atamwita mmoja tu kwa njia hii, na wote wawili wana haki ya kulijua hilo kabla fomu haijajazwa, wasije wakalisikia kwa jirani.

Hata aliyemwacha mke wa kwanza na kuoa tena ana mzigo wa kuthibitisha. Kifungu hicho kinamtaka aonyeshe kwamba ndoa ya awali ilivunjwa kwa utaratibu wa kisheria ulioweka wazi mambo matatu: nyumba waliyokuwa wakiishi, matumizi ya mke aliyeachwa, na malezi ya watoto wanaomtegemea. Mume wa dada yetu wa Kiambere yumo katika hali hii. Alikuwa na mke Mombasa, wakaachana, na kuna mtoto mmoja. Tulipouliza hati, ikaonekana kuna karatasi moja tu isemayo kwamba talaka imetolewa tarehe fulani. Karatasi hiyo yatosha kumfanya huru kuoa. Haitoshi kwa kifungu cha 17, kwa kuwa imenyamaza juu ya nyumba, matumizi na mtoto.

Tulimshauri afungue shauri la malezi na matumizi katika Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inaipa mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi pale wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama hiyo. Uamuzi ukiandikwa, mama wa Mombasa anapata haki yake na mtoto wake kwa maandishi, na mama wa Kiambere anapata hati inayokosekana. Sharti lililoonekana kuwa pingamizi limegeuka kuwa kinga ya yule aliyeachwa.

Domicilio: mahali unapopatikana

Neno la pili linafanana na neno la kisheria la Kiingereza ambalo mawakili wetu hulitumia kwa maana ya nchi ya asili ambayo mtu anakusudia kurudi daima. Kufanana huko humpeleka mtu kuandika "Lamu", kwa kuwa ndiko kwao na ndiko walikozikwa wazee wake. Katika fomu ya Kihispania *domicilio* ni jambo la kawaida zaidi: ni nyumba ambamo mtu anaishi sasa. Mahali alipozaliwa pana nafasi yake, *lugar de nacimiento*. Basi kwa dada yetu, Lamu inaingia penye kuzaliwa, na Kiambere inaingia penye makao.

Linalofuata ni kutazama maneno yaliyoandamana na *domicilio*. Ikiwa ni *domicilio en España*, kinachotakiwa ni nyumba ya Uhispania, hata kama muulizwaji bado hajafika huko, na kwa mke hiyo ni nyumba ya mumewe atakamopokelewa. Ikiwa yametajwa *país de origen* au *país de residencia*, wanataka nyumba ya hapa Kenya. Na ikiwa ni *domicilio a efectos de notificaciones*, wanauliza mahali pa kupeleka barua za ofisi. Hilo la tatu tutalirudia.

Nyumba ya Uhispania huandikwa kwa vipande. Kwanza jina la njia, mara nyingi likitanguliwa na *calle*. Kisha *nº*, namba ya jengo. Kisha *piso*, ghorofa, na mlango wake. Kwa hivyo 3º B ni ghorofa ya tatu, mlango B, na *bajo* ni chini kabisa. Kisha *localidad*, mji. Kisha *C.P.*, namba ya posta yenye tarakimu tano, ambayo mbili za mwanzo hutaja jimbo: 30 ni Murcia, 04 ni Almería, 28 ni Madrid. Mwisho *provincia*, jimbo. Tarakimu hizo mbili ni kipimo chepesi cha kujihakiki. Ukiona mji ni Murcia na namba inaanza na 04, pana kosa mahali fulani.

Kiambere hakuna *calle*, na nyumba ya dada yetu haina namba, kama zilivyo nyumba nyingi za mashamba. Wahispania wenyewe wana vijiji vya namna hiyo, nao huandika *s/n*, kifupi cha *sin número*, yaani pasipo namba. Basi tukamwandikia hivi: penye njia, jina la kijiji pamoja na alama ya karibu inayojulikana, penye namba, s/n, penye mji, Kiambere, penye jimbo, Embu. Ghorofa tuliiacha tupu. Msomaji wetu wa Lamu aliyeko Mkomani au Langoni afanye vivyo hivyo, aandike mtaa penye njia na s/n penye namba.

Sanduku la posta lisiwekwe hapo. Sisi Wakenya tumelelewa kuandika sanduku kila tunapoulizwa anwani, lakini sanduku si nyumba, na hakuna mtu anayelala ndani yake. Fomu ikiuliza anwani ya posta kando, liandikwe huko.

Nyumba ya mume na daftari la mji

Upande wa mume, *domicilio* hauishii kwenye fomu. Kila anayeishi Uhispania anatakiwa kuandikwa katika daftari la wakaazi la mji wake, liitwalo *padrón*, na ofisi ya mji humpa hati ya kuandikwa huko. Anayetaka kumwita mkewe hutakiwa pia kuleta taarifa rasmi kwamba nyumba yake inafaa kuishi familia. Kwa hiyo nyumba moja hutajwa mara tatu: katika fomu, katika hati ya daftari na katika taarifa ya nyumba. Zote tatu ziseme jengo lile lile, ghorofa ile ile na mlango ule ule.

Mume wa dada yetu alikuwa amehama. Mwanzoni alipanga chumba Almería pamoja na wenzake, kisha akapata nyumba Murcia. Kwenye rasimu ya fomu aliandika Murcia, lakini hati ya daftari aliyokuwa nayo ilikuwa bado ya Almería. Hakudanganya, alisahau tu kwamba daftari halihami na mtu pasipo kuambiwa. Ilimbidi aandikwe upya katika mji wa Murcia kabla ya kupeleka ombi.

Barua inayobisha hodi

Sasa turudi kwenye *domicilio a efectos de notificaciones*. Watu huijaza kwa haraka, wakidhani ni marudio ya yale yaliyotangulia, na hali ombi linaweza kufa hapo hapo.

Sheria ya Uhispania ya taratibu za ofisi za serikali, namba 39 ya mwaka 2015, inaeleza barua inavyofikishwa. Mpelekaji hubisha katika nyumba iliyotajwa. Mhusika asipokuwepo, barua yaweza kupokewa na yeyote aliyemo nyumbani mwenye umri uliozidi miaka 14 na anayejitambulisha. Pasipo mtu, hurudi mara moja tu nyingine ndani ya siku tatu, kwa saa tofauti: akija kwanza kabla ya saa tisa alasiri, atakuja tena baada ya saa tisa, au kinyume chake. Akikosa tena, ofisi hutangaza katika gazeti rasmi la serikali, na mhusika huhesabiwa kuwa amearifiwa, ingawa hajaona herufi hata moja.

Kwa mtu afanyaye kazi za shamba, anayeondoka alfajiri na kurudi magharibi, si ajabu kukosa hodi zote mbili. Na barua ya kwanza mara nyingi si jawabu, ni ombi la hati iliyopungua. Muda wa kuileta ni siku 10 za kazi. Zikipita, ombi huhesabiwa kuwa limeachwa na mwenyewe.

Kwa hiyo hapo iandikwe nyumba ambayo mchana mna mtu mzima wa kuaminika, au ya wakili anayesimamia ombi. Anayechagua kuarifiwa kwa mtandao naye ajue kwamba taarifa ikikaa siku 10 za kalenda pasipo kufunguliwa huhesabiwa kuwa imekataliwa, na shughuli huendelea kama vile ameisoma. Na akihama nyumba ombi likiwa bado linasubiri, aiarifu ofisi iliyolipokea kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri.

Ilivyojazwa mwishowe

Katika sehemu ya *reagrupada*, dada wa Kiambere ana M penye *sexo*, Lamu penye *lugar de nacimiento*, Kenya penye *nacionalidad*, na C penye *estado civil*, na nyuma ya C hiyo pana cheti cha ndoa kilichosajiliwa. Nyumba yake ya sasa ni Kiambere, s/n, Embu. Katika sehemu ya *reagrupante*, mumewe naye ana C, nyumba yake ni Murcia na namba ya posta inaanza na 30, sawa na daftari la mji. Penye *notificaciones* pameandikwa nyumba ya binamu yake, ambaye mkewe hushinda nyumbani na watoto.

Fomu bado haijapelekwa. Inangoja uamuzi wa Kadhi juu ya mtoto wa Mombasa, kisha hati zote za Kenya zihalalishwe na zifasiriwe kwa Kihispania na mfasiri anayetambuliwa rasmi. Dada yetu alituuliza kama hatungeweza kuutanguliza ule ukurasa mmoja ili kuokoa wakati. Tulimjibu kwamba hukumu ile ndiyo inayoipa nguvu herufi C ya mumewe, na fomu ikitangulia bila hukumu itarudi. Amekubali kungoja, na mama wa Mombasa amekwisha kuitwa mahakamani kutaja anachodai mtoto wake.

Wabillahi taufiki.